Hadithi fupi: Tipu ya nne (marafiki wawili ndani ya banda umiza)

Kalamu Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nimeandika hadithi fupi ya marafiki wawili wanaobishana bandani juu ya tipu ya uhakika. Watu ni wa kubuni na mechi ni ya kubuni, ila mtego wenyewe nimeuona ukiwanasa watu ninaowapenda, na unaniuma kwa sababu anayenaswa si mjinga. Ananaswa kwa kuamini kitu alichokiona kwa macho yake. Someni mpaka mwisho ndipo tujadili.

Tito hakuwa na habari na projekta. Banda lilikuwa limefurika kwa ajili ya mechi kubwa ya jioni, watu wamebanana kwenye mabenchi, waliochelewa wamesimama mlangoni, lakini yeye alikuwa ameinamia simu. Alikuwa anafuatilia mechi ya daraja la pili ya nchi ya mbali, mechi isiyoonyeshwa popote. Kwenye simu ilikuwa ni majina mawili ya timu, matokeo 0-0 na dakika zinazosogea. Ya 31, ya 32.

"Umelipa kiingilio uje kuangalia simu?" Shomari alimuuliza.

"Tulia, mwanangu. Leo nakula sare hapa. Odi tatu nukta nne, nimeweka elfu ishirini."

"Sare ya timu usizozijua?"

"Mimi sizijui. Anayezijua yupo."

Shomari aligeuka akamtazama vizuri. Wamekua pamoja hawa, na Shomari alikuwa anajua sauti ya Tito akiwa anabahatisha na sauti yake akiwa na uhakika. Hii ilikuwa ya uhakika.

"Nani?"

"Kuna jamaa ananitumia. Na kabla hujaanza kunihubiria, sikiliza. Ya kwanza alinipa bure, akasema sare, ikawa sare. Ya pili bure, akasema wageni wanashinda, wageni wakashinda. Ya tatu wenyeji, ikawa hivyo hivyo. Meseji inaingia asubuhi, mechi inachezwa jioni. Hakuna cha skrinishoti za kutengeneza hapo. Meseji ninazo mimi mwenyewe, kwenye simu yangu."

"Na hii ya nne?"

"Hii nimelipia ada. Elfu thelathini."

"Tito!"

"Sasa ulitaka anipe bure maisha yangu yote? Mtu ana taarifa za mechi zilizopangwa, lazima naye ale."

"Kama anazo, si aweke hela zake mwenyewe?"

"Kampuni zimemfungia akaunti. Anashinda kupita kiasi, hawamtaki."

Hapo Shomari alikwama. Alikuwa amesikia kwamba kampuni huwa zinawabana watu wanaoshinda sana, na hakuwa na la kujibu. Kwenye projekta refa alipuliza faulo, banda zima likamzomea. Tito akaona amemaliza maneno, akarudi kwenye simu yake.

"Hebu nione namba yake," Shomari akasema.

Tito alimpa simu bila wasiwasi. Shomari akaisoma namba, akaisoma tena, kisha akatoa simu yake mwenyewe akaanza kutafuta. "Namba hii ninayo."

"Unayo wapi?"

"Ilitumwa kwenye grupu la mpira, ikasema tuihifadhi tupate tipu ya bure. Nikaihifadhi. Alinitumia mara moja, ikachanika, sikumsikia tena. Hii hapa."

Wakaziweka simu mbili juu ya goti la Shomari. Jina la kuhifadhia lilikuwa tofauti, namba ilikuwa ile ile. Siku ile ile, mechi ile ile, maandishi yale yale ya herufi kubwa: MECHI IMEPANGWA, ASILIMIA 100, USIMWAMBIE MTU. Ya Shomari iliingia saa 09:12 na ikasema WENYEJI WANASHINDA. Ya Tito iliingia saa 09:14 na ikasema SARE.

Bao likaingia kwenye projekta. Watu wakaruka, benchi likainuka upande mmoja, mtu akamkumbatia Tito kwa nyuma bila hata kumjua. Tito hakugeuka.

"Alikosea kukutumia," alisema kelele zilipopungua.

"Akakosea kwangu, akapatia kwako, halafu mimi akanisahau kabisa?"

"Dakika mbili ni nyingi. Huenda alipata taarifa mpya."

"Basi angenitumia na mimi masahihisho. Ndugu yangu, huyu alitugawa. Sisi tulioambiwa wenyeji tulipokosa, akatutupa. Nyinyi mlioambiwa sare mkapata, akawagawa tena. Na yupo mtu mahali aliyeambiwa wageni, naye leo hamkumbuki hata jina."

"Kwa hiyo mimi nimepata tatu mfululizo kwa bahati?"

"Lazima kuna mtu angebaki na tatu. Umebaki wewe."

Tito alinyamaza kidogo, kisha akaichukua simu yake. "Sawa. Tusibishane. Dakika tisini zitaamua."

"Haziamui kitu. Ikitoka sare atakuwa amekubakiza tena, basi. Haimaanishi alijua."

"Ikishinda unasema hajui, ikipoteza unasema hajui. Sasa wewe utaridhika na nini?"

Swali lilikuwa zuri, na Shomari alilijibu vibaya, kwa hasira: "Nitaridhika ukiacha kutuma hela kwa mtu usiyemjua sura."

Dakika ya 66 wageni wakapata bao. Tito alifunika simu kwa kiganja. Shomari, pamoja na yote aliyosema, alijikuta anaombea lirudi, maana elfu ishirini ya Tito anajua inatoka wapi. Dakika ya 84 likarudi. 1-1. Dakika tano za nyongeza walizihesabu wote wawili, vichwa vimegusana juu ya simu moja, mechi kubwa imesahaulika. Ikaisha sare.

"Nne!" Tito alisimama juu ya benchi. "Nne, Shomari! Sema sasa!"

"Umepata sitini na nane. Toa ishirini yako uliyoweka, toa thelathini ya ada. Umebaki na kumi na nane."

"Kumi na nane ni faida."

Simu ikalia kabla hajashuka. HONGERA MSHINDI. KESHO MECHI YA MWISHO YA MSIMU, ODI KUBWA, ADA LAKI MOJA, NAFASI NI CHACHE. Tito aliisoma kwa sauti, akakaa, akamgeukia rafiki yake. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini.

"Nina sitini na nane. Niongezee thelathini na mbili. Nikipata tunagawana nusu kwa nusu, haki ya Mungu."

Shomari alikuwa nazo mfukoni, na Tito alikuwa anajua kwamba anazo.

Nimeishia hapo makusudi. Je, ampe au asimpe?

Mzee wa Kona

Mkuu hadithi imekaa vizuri lakini umeficha kitu muhimu. Weka hiyo namba ya jamaa. Nne mfululizo si mchezo.

Kalamu Kavu

Mzee wa Kona, ni hadithi, namba haipo. Ila tafadhali rudi usome pale walipoweka simu mbili pamoja. Ujumbe wote uko hapo.

Dawati la Nyuma

Nimefanya kazi ya kuhudumia wateja kwenye kampuni ya kubeti, sitaitaja. Watu kama Tito walikuwa wanapiga simu kila wiki wakilalamika kwamba "tipsta wenu" amewala, wakati sisi hatuna tipsta. Hadithi hii ni sahihi mpaka kwenye meseji, na ngoja nieleze kwa nini Shomari yuko sahihi hata baada ya sare kutoka.

Chukulia jamaa ana namba 810. Asubuhi watu 270 anawaambia wenyeji, 270 sare, 270 wageni. Mpira una matokeo hayo matatu tu, kwa hiyo jioni lazima 270 wameona kapatia. Wengine 540 anawaacha. Mechi ya pili anawagawa wale 270 kwa tatu, wanabaki 90. Mechi ya tatu wanabaki 30. Hao 30 wamepokea meseji tatu za kweli, kabla ya mechi, kwenye simu zao wenyewe. Tito ni mmoja wao. Hajadanganywa kwa picha ya kughushi, kila alichokiona kimetokea kweli. Ambacho hakuona ni wale 780 walioachwa njiani.

Sasa angalia pesa. Hao 30 wakilipa elfu thelathini kila mmoja, jamaa ana laki tisa kabla mpira haujaanza. Anawagawa tena kumi kumi, 20 wanapoteza na wanatukana, anawafungia. Kumi wanabaki wakiwa na nne mfululizo, na hao ndio wanaoandikiwa ada ya laki moja. Tito akipata ya tano pia, ataombwa zaidi. Hakuna hatua ambayo jamaa alihitaji kujua mpira.

Na ile "hifadhi namba hii" haipo pale kwa bahati mbaya. Kwenye Wasapu ukituma meseji moja kwa orodha ya watu wengi, inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, na kwake inaonekana kama umemwandikia yeye peke yake. Usipohifadhi, mtambo wake haufanyi kazi kwako. Hiyo "usimwambie mtu" nayo ina kazi yake, ili akina Tito na akina Shomari wasiweke simu zao pamoja.

Jicho la Odi

Dawati umeeleza vizuri ila usiwafanye watu waamini mechi za kupangwa hazipo. Zipo na ushahidi upo mahakamani. Mwaka 2004 Ujerumani, refa Robert Hoyzer alichezesha mechi ya kombe kati ya Paderborn na Hamburg. Hamburg walikuwa wanaongoza 2-0, zikatoka penati mbili na kadi nyekundu, wakafungwa 4-2. Mwaka uliofuata jamaa alikiri na akahukumiwa kifungo cha miaka 2 na miezi 5.

Mimi huwa siangalii tipsta, naangalia odi. Ikianza asubuhi 3.40 na kufika jioni imeshuka 2.60, ujue hiyo mechi imeuzwa. Hapo ndipo ningemwambia Tito aweke hela.

Dawati la Nyuma

Jicho, kuhusu Hoyzer uko sahihi kabisa, na mfano wako ndio unaonisaidia. Waliompanga Hoyzer walikuwa wabetiji na walikula kwa kuweka hela zao wenyewe, kimya kimya. Mtu mwenye mechi ya kweli mkononi anaogopa vitu viwili, polisi na odi kushuka. Kila mtu anayemwambia anamwongezea vyote viwili. Kumuuzia kijana wa bandani kwa elfu thelathini ni kujiharibia.

Hilo la akaunti kufungiwa, Shomari alikwama lakini lina ukweli ndani yake. Kampuni nyingi zinapunguza kiwango cha mtu anayeshinda mfululizo, nimeliona kwa macho yangu. Ila mtu wa namna hiyo anatafuta ndugu na jamaa wamwekee kwa majina yao. Hatangazi kwenye grupu la mpira.

Kwenye odi kushuka nakukatalia nusu. Zinaposhuka maana yake ni kwamba watu wengi wameweka upande huo au kampuni imepata habari. Mara nyingi habari yenyewe ni ya kawaida tu, mshambuliaji kaumia, kocha anapumzisha kikosi, au timu zote mbili zinatosheka na pointi moja mwisho wa msimu. Wanaochunguza upangaji wa mechi ni kweli wanaanzia kwenye odi zilizocheza ajabu, lakini kwao huo ni mwanzo wa uchunguzi. Halafu ukishaiona 2.60, faida ya 3.40 wameshaila wengine. Wewe unanunua kwa bei iliyokwisha kuharibika.

Jicho la Odi

Nimepata kwa njia hiyo mara nyingi tu. Siwezi kusema haina kitu.

Dada wa Kaunta

Mimi nina swali kwa Dawati. Wa kwangu hajawahi kuniomba ada. Ananitumia tipu bure, mkeka ukitiki ndipo namtumia asilimia thelathini ya faida. Ukichanika simlipi kitu. Sasa huyu naye ni tapeli? Hajanichukulia hela yoyote ambayo sikushinda. Kwa kweli huyu nilimwona mwaminifu kuliko wote, maana naye analala njaa nikipoteza.

Dawati la Nyuma

Dada, halali njaa. Weka watu watatu, wewe na wengine wawili msiojuana, kila mmoja na matokeo yake. Mmoja wenu lazima ashinde. Aliyeshinda anampa thelathini, walioshindwa hawampi kitu, lakini pia yeye hajapoteza kitu, hela iliyoungua ni yenu. Kila siku ya mechi ana mtu wa kumlipa. Ili awe mwenzako kweli kwenye hatari, muulize kama yuko tayari kukulipa asilimia thelathini ya ulichopoteza mkeka ukichanika.

Na angalia kitu kingine. Je, alikwambia ujisajili kwenye kampuni fulani kwa kodi yake au linki yake? Kuna kampuni zinazomlipa aliyewaletea mteja sehemu ya kile mteja anachopoteza. Hapo anakula ukishinda kwa mkono mmoja na ukipoteza kwa mkono mwingine.

Dada wa Kaunta

Kodi alinipa, ndiyo. Aliniambia ni ya kupata bonasi.

Tandu

Wa Telegramu hamjawagusa. Kule hawahitaji hata kugawa watu 810. Anaweka tipu nyingi kwenye chaneli, jioni anafuta zilizochanika. Ukiingia kesho unakuta ukurasa umejaa kijani tupu. Ujumbe ukihaririwa kule alama inabaki, lakini ukifutwa hauachi hata kovu. Mimi siku hizi nikiona chaneli mpya naisoma bila kuweka hela, kila tipu nainakili kwenye daftari kabla ya mechi. Baada ya muda nafungua daftari na chaneli pamoja. Hazijawahi kufanana.

Bakari Mchana Mkeka

Mnaongea hesabu nyingi, swali la mwandishi hamjajibu. Mimi ningempa Tito hiyo thelathini na mbili. Rafiki akikuomba mbele ya watu bandani na anajua unazo, ukimnyima umevunja kitu ambacho laki moja haiwezi kukinunua tena. Akipoteza atajifunza mwenyewe. Watu hawajifunzi kwa kuambiwa.

Kalamu Kavu

Bakari, nimeandika mwisho ule nikiwa na wasiwasi huo huo. Lakini ukisema "akipoteza atajifunza", mimi nimeona kinyume. Aliyefika ya tano na kupoteza hasemi "nilitapeliwa". Anasema "alikuwa mzuri, siku ile tu ndiyo iliharibika", anaenda kumtafuta mwingine kama yeye. Zile nne za mwanzo hazifutiki kichwani kwa sababu zilitokea kweli. Kwa hiyo hasara haitamfundisha Tito. Simu mbili juu ya goti zingeweza, na zilikaribia kabisa, mpaka bao la dakika ya 84 lilipoingia.

Ningekuwa Shomari ningesema hivi: hela ninayo, na kesho nitakuwekea mimi elfu kumi kwenye mechi yoyote utakayochagua kwa kichwa chako mwenyewe. Kwa huyo jamaa sitoi hata mia.

Bakari Mchana Mkeka

Elfu kumi badala ya thelathini na mbili, na bado unamwambia aendelee kubeti. Sioni tofauti kubwa mkuu. Ama unamsaidia ama humsaidii.

Nuru ya Kibatari

Naomba nimtetee Tito kidogo. Wote mnamwangalia Tito kama mtu aliyekosa akili, lakini swali lake ni gumu: "Ikishinda unasema hajui, ikipoteza unasema hajui, sasa utaridhika na nini?" Hakuna aliyelijibu hapa. Kama hakuna matokeo yanayoweza kumridhisha Shomari, basi Shomari naye anabisha kwa imani tu.

Dawati la Nyuma

Nuru, hilo ndilo swali bora kwenye uzi mzima. Ningeridhika na hivi. Jamaa atume tipu ndani ya grupu moja ambalo wote tumo, wote tunaisoma kwa pamoja, kabla ya mechi, na asiweze kuifuta peke yake bila sisi kuona, maana kila mmoja ameinakili. Afanye hivyo kwa muda mrefu, na aandike odi iliyokuwepo wakati anatuma. Hapo mgawanyo wa watatu watatu hauwezekani. Mechi nne hazitoshi kunionyesha kitu, hata akipatia zote kwa njia hiyo ningesubiri ziwe nyingi zaidi, kwa sababu kila odi ina nafasi yake. Ile 3.40 ya sare maana yake kampuni inaipa kama nafasi 29 katika 100, na ukweli uko chini ya hapo kidogo kwa kuwa imeshajiwekea faida yake humo. Sare zinatokea. Anayejua kweli ni yule anayepata zaidi ya odi zinavyosema, mbele ya watu wote, kwa msimu mzima.

Atakataa, na sababu yake naijua tayari. Atasema taarifa zikisambaa odi zitashuka. Basi mwambie atume dakika moja kabla ya refa kupuliza.

Mzee wa Kona

Sawa nimeelewa sasa. Kwa hiyo namba haipo kabisa?

Dada wa Kaunta

Wakuu nimerudi. Nilimwambia mtu wangu anihakikishie kwa kutuma kwenye grupu la wanawake wa hapa kazini, dakika moja kabla ya mechi, bure, sisi tunakili tu hatuweki hela. Amejibu kama Dawati alivyosema, kwamba taarifa ikivuja odi zinashuka. Nikamuuliza zitashukaje kwa dakika moja na hakuna anayeweka. Meseji ameisoma, jibu halijaja.

Sijasema ni tapeli. Zipo tipu zake zilizotiki na hela nilikula, hilo siwezi kulikana. Ila kwenye laini yangu ya pili mdogo wangu ameihifadhi namba ya huyo mtu tangu jana na kuomba tipu ya bure. Jumamosi ikiingia meseji kwangu na kwake nitaziweka hapa zote mbili, mechi gani na saa ngapi.

Kalamu Kavu

Dada, ukiweka zote mbili nitashukuru sana. Kumbuka kuzipiga picha kabla ya mechi kuanza, na usimwambie kwamba laini zote mbili ni za nyumba moja.